Kusoma Majibu ya Taimgrafa: Upana wa Bembea Kwanza, Sekunde Mwisho

Mafundi wanaoanza kutumia taimgrafa, yaani kifaa kinachosikiliza mlio wa saa na kupima mwendo wake, huuliza karibu swali lilelile: saa inaonyesha sekunde 25 za kuwahi kwa siku, je, nisogeze wenzo upande gani ili zirudi sifuri? Jibu sahihi ni kuuliza kwanza balansi, yaani gurudumu linalobembea ndani ya saa, inabembea nyuzi ngapi, kwa sababu sekunde zinazosomwa kwenye saa chafu au iliyokaukiwa na mafuta hazidumu. Ukizirekebisha kabla ya kutazama tarakimu nyingine mbili, saa itatoka mezani ikiwa sawa na kurudi kwako baada ya siku chache ikiwa imepotea zaidi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kusoma upana wa bembea kwanza, kisha ulinganifu wa mlio, na sekunde mwisho kabisa.

Mfano utakaotumika ni mashine ya Seiko 7S26, iliyoanza kutumika mwaka 1996 na inayopatikana ndani ya Seiko 5 nyingi zinazoletwa kwa mafundi wetu. Kanuni zake zinafaa pia kwa saa nyingine nyingi za makanika, ila vipimo vya kuweka kwenye taimgrafa hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Unahitaji taimgrafa yenye kishikio kinachoweza kuinamishwa, kwa mfano Weishi 1000, ambayo inatosha kabisa kwa kazi hii. Uwe na bisibisi ndogo inayokaa vizuri kwenye skrubu za mashine, kijiti cha mti au cha plastiki kilichochongwa ncha kwa ajili ya kusogeza nyenzo, lenzi ya jichoni, kiondoa sumaku, na karatasi ya kuandikia vipimo. Karatasi hiyo wengi huiacha, lakini kipimo kimoja hakisemi mengi mpaka kilinganishwe na cha mkao mwingine au cha siku ya pili.

Jambo la mwisho la kuwa nalo ni namba ya mashine. Kwenye Seiko imeandikwa upande wa nyuma, juu ya rota, yaani kile kipande kizito kinachozunguka nyuma ya mashine, au karibu na balansi. Bila namba hiyo hutajua pembe ya msukumo, yaani nyuzi ambazo balansi inazunguka ikiwa inagusana na uma unaoisukuma, na bila pembe hiyo upana wa bembea utakaousoma utakuwa wa kubahatisha.

Taimgrafa inasikia nini

Taimgrafa haioni chochote; inasikiliza tu. Balansi, yaani lile gurudumu linalobembea kwenda na kurudi, inapopita katikati hugusana na uma, kile kipande chenye panda kinachoyazuia na kuyaachia magurudumu kwa zamu, na mgusano huo hutoa sauti tatu zinazofuatana kwa haraka sana. Ya kwanza husikika jiwe la balansi linapougonga uma ili kuufungua, ya pili wakati uma unapopokea nguvu ya magurudumu na kuisukuma balansi, na ya tatu uma unapofika ukingoni na kujifunga tena. Sikio la binadamu huzisikia zote tatu kama "tik" moja.

Kutokana na sauti hizo taimgrafa hukokotoa tarakimu tatu. RATE ni sekunde ambazo saa ingewahi au kuchelewa kwa siku nzima kama ingeendelea vilevile. Alama ya kujumlisha ina maana ya kuwahi na ya kutoa ina maana ya kuchelewa. BEAT ERROR, yaani hitilafu ya mlio, ni tofauti ya muda kati ya "tik" na "tak", kwa milisekunde. AMPLITUDE ni upana wa bembea, yaani nyuzi ambazo balansi inazunguka kutoka mahali pake pa kupumzikia hadi inapogeukia, kwa upande mmoja. Nyuzi 270 ni robo tatu za mzunguko kwenda upande mmoja, kisha robo tatu kwenda upande wa pili.

Upana huo hupatikana kwa kupima muda kati ya sauti ya kwanza na ya tatu. Balansi inayobembea kwa upana mkubwa hupita katikati kwa kasi, hivyo sauti hizo hukaribiana; inayobembea kwa upana mdogo hupita polepole, nazo huachana. Kwa 7S26, muda huo ni kama milisekunde 10.4 upana ukiwa nyuzi 270, na kama milisekunde 12.8 ukiwa nyuzi 220. Tofauti ni ndogo mno, na ndiyo sababu saa iliyoshikwa vibaya au kupimwa mahali penye mtikisiko hutoa upana wa uongo hata pale ambapo sekunde zake zinasomeka vizuri.

Hatua za kufuata

1. Ondoa sumaku kwanza. Washa kiondoa sumaku ukiwa umeiweka saa juu yake, kisha ivute polepole mpaka urefu wa mkono kabla ya kuachia kitufe. Ukiachia kitufe saa ikiwa bado karibu, unaweza kuipa sumaku zaidi ya ile iliyokuja nayo. Hatua hii huchukua muda mfupi sana, na inakuepusha kufungua mashine nzima kwa kosa lisilokuwemo.

2. Jaza springi kuu, ile inayotunza nguvu ya kuiendesha saa. Mashine ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono, kwa hiyo kuitikisa kidogo ili ianze kutembea hakutoshi kwa kipimo. Fungua kifuniko cha nyuma, sogeza rota pembeni, kisha zungusha skrubu ya gurudumu la kukazia springi polepole kuelekea upande wa mishale ya saa, mpaka uhisi springi inateleza ndani ya kasha lake. Springi ya saa ya otomatiki imetengenezwa iteleze ikishajaa, kwa hiyo haikatiki kwa kujazwa. Lakini usizungushe kwa haraka wala kwa bisibisi isiyoenea kwenye mfereji wa skrubu. Iache saa itembee kama nusu saa kabla ya kupima, ili nguvu ya mwanzo itulie.

3. Weka vipimo vya mashine kwenye taimgrafa. Idadi ya mapigo kwa saa, inayoonekana kwenye skrini kama BEAT, kwa kawaida hutambuliwa na taimgrafa yenyewe. Kwa 7S26 inapaswa kuonyesha 21600, yaani mapigo 6 kwa kila sekunde. LIFT ANGLE, ambayo ndiyo pembe ya msukumo, haitambuliwi na taimgrafa bali huwekwa na fundi. Taimgrafa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa 52, ilhali 7S26 inataka 53. Kosa la nyuzi moja hapa linabadilisha upana unaosomeka kwa nyuzi 5 hivi tu, ambazo hazitakupoteza. Lakini mashine nyingine ziko mbali zaidi: ETA 2824-2 hutumia 50, na Omega 2500 hutumia 38. Ukiiacha 52 kwa Omega hiyo, balansi inayobembea nyuzi 280 za kweli itasomeka kama 383, upana usiowezekana, kwa maana jiwe la balansi lingekuwa limekwisha kugonga mgongo wa uma muda mrefu kabla ya kufika huko.

4. Shika saa vizuri. Sehemu ya chuma ya kishikio ndiyo inayopeleka sauti kwenye kipaza sauti, kwa hiyo hakikisha ufunguo, yaani kile kitufe cha pembeni cha kusetia saa, au ubavu wa saa unagusana nayo moja kwa moja, si kupitia mkanda wa ngozi wala plastiki. Weka kishikio mbali na feni, jenereta na meza ambayo mwenzako anagongea. Anza na mkao wa uso juu, na kila unapobadilisha mkao subiri walau nusu dakika kabla ya kuandika chochote, kwa sababu tarakimu za mwanzo ni za mtikisiko wa mikono yako.

5. Tazama mistari kabla ya tarakimu. Skrini huchora nukta kwa kila pigo, na nukta hizo hujipanga katika mistari miwili, mmoja wa "tik" na mwingine wa "tak". Mistari ikipanda kuelekea kulia saa inawahi, ikishuka inachelewa, na nafasi kati yake ndiyo hitilafu ya mlio. Mistari myembamba iliyonyooka ina maana kwamba taimgrafa inasikia vizuri na tarakimu zinaweza kuaminiwa. Nukta zikitawanyika ovyo, usisome tarakimu yoyote; rudi hatua ya nne, na kama mshiko ni mzuri, basi tatizo liko ndani ya mashine na litaelezwa mbele.

6. Soma upana wa bembea. Katika mashine nyingi zilizooshwa na kutiwa mafuta vizuri, springi ikiwa imejaa na saa imelala, upana huwa kati ya nyuzi 270 na 310. Mashine za 7S26 aghalabu huwa chini kidogo ya hapo, na fundi aliyezoea mashine za Uswisi asishtuke akiona 250 katika Seiko iliyo nzima kabisa. Ikiwa chini ya 220 saa imelala na imejaa, simama hapo. Usiguse wenzo wowote, kwa kuwa saa hiyo inahitaji kuoshwa. Andika upana wa uso juu na wa uso chini, kisha simamisha saa, ufunguo ukiwa chini, na uandike tena. Saa ikisimama, ncha za ekseli ya balansi huegemea kwa ubavu na kusuguana zaidi, hivyo ni kawaida upana kupungua kwa nyuzi 20 hadi 40. Ukipungua kwa zaidi ya 50, chunguza ncha hizo na matundu ya mawe yake. Uso juu na uso chini vikitofautiana sana, sema kwa nyuzi 20 au zaidi, basi ncha moja ya ekseli imechafuka au imelika kuliko nyingine.

7. Soma hitilafu ya mlio, na uirekebishe kama upana ni mzima. Chini ya milisekunde 0.5 ni nzuri, na hadi 0.8 saa ya kawaida ya kuvaliwa haitakusumbua. Ikizidi 1, saa huwa nzito kuanza yenyewe ikisimama, na inafaa kurekebishwa. Kwenye daraja la balansi ya 7S26, yaani kipande kinachoishikilia balansi kwa juu, kuna nyenzo mbili. Ili usizichanganye, fuata kwa macho springi ya nywele, ile nyembamba inayoirudisha balansi katikati, kuanzia ndani kwenda nje: wenzo ambao springi inapita katikati ya pini zake ni wenzo wa mwendo, na ule ulioshika mwisho wa springi ni wenzo wa mlio. Sogeza wenzo wa mlio kwa kijiti, kiasi cha unywele tu, kisha subiri. Mistari ikikaribiana uko sahihi. Ikiachana, rudi upande wa pili. Angalia mistari zaidi ya tarakimu, kwa sababu tarakimu haionyeshi upande: ukipitiliza sifuri itaanza kupanda tena, na fundi asiyetazama mistari ikipishana huendelea kusukuma upande uleule.

8. Soma sekunde, na ndipo urekebishe mwendo. Wenzo wa mwendo huja baada ya wenzo wa mlio, kamwe si kabla, kwa kuwa kusogeza wenzo wa mlio hubadilisha urefu wa springi ya nywele unaofanya kazi, na mara nyingi huuburuta wenzo wa mwendo pamoja nao. Ukianza na sekunde utazirekebisha mara mbili. Pini zikisogezwa ili kufupisha springi saa inawahi, zikisogezwa kuirefusha inachelewa. Mara nyingi daraja lina alama za + na − zinazoonyesha upande. Hapa nako unywele mmoja unaweza kuwa sekunde nyingi, kwa hiyo sogeza, ondoa kijiti kabisa, subiri, kisha soma.

9. Pima mikao mitano. Uso juu, uso chini, ufunguo chini, ufunguo juu na ufunguo kushoto vinatosha. Usitafute sifuri katika mkao mmoja. Tafuta mikao yote ikae karibukaribu, na wastani wake uwe upande wa kuwahi kidogo, kwani mvaaji huvumilia saa inayowahi kuliko inayomchelewesha kazini.

10. Rudia baada ya saa 24 bila kuijaza springi. Iache mezani uso ukiwa juu, kisha pima tena katika mkao huohuo. Upana utakuwa umepungua, na hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni kama bado uko juu ya nyuzi 200 na kama sekunde hazijakimbia mbali na zile za jana.

Makosa yanayojirudia sana

Kosa kubwa ni kuamini tarakimu moja ya mkao mmoja. Saa iliyowekwa sifuri ikiwa imelala inaweza kuchelewa sekunde 20 ikisimama, na mkono wa mtu hauwi umelala siku nzima.

Kosa la pili ni kupima hitilafu ya mlio springi ikiwa karibu kwisha. Hitilafu ni pembe ndogo isiyobadilika kati ya mahali balansi inapopumzikia na mahali uma ulipo katikati, lakini taimgrafa huipima kwa muda. Balansi inayokwenda polepole huchukua muda mrefu zaidi kuvuka pembe ileile, hivyo milisekunde huongezeka bila chochote kusogea. Saa inayoonyesha 0.6 ikiwa imejaa inaweza kuonyesha 0.9 ikiwa imechoka, na kuirekebisha katika hali hiyo si lazima.

Kosa la tatu ni kuigeuza Seiko 5 kuwa kile ambacho haikutengenezwa kuwa. Kipimo cha kronomita, yaani saa iliyothibitishwa kuwa sahihi sana, chini ya kiwango cha ISO 3159, ambacho shirika la COSC la Uswisi hukitumia kwa siku 15, kinataka wastani wa mwendo uwe kati ya −4 na +6 kwa siku. Mashine ya 7S26 inaweza kukaribia hapo kwa bahati na uangalifu, lakini kumwahidi mteja hivyo ni kujifunga kwa deni. Kwa maoni yangu, saa hii ikikaa ndani ya sekunde 15 kwa siku kwenye mkono wa mwenyewe, fundi amefanya kazi yake.

Na tahadhari ya mkono: usitumie bisibisi ya chuma kusogeza nyenzo. Huteleza, na inapotua ni kwenye springi ya nywele. Pia bisibisi zetu nyingi zina sumaku, na sumaku hiyo huhamia palepale ulipotoka kuiondoa.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Chukua Seiko 5 ambayo mwenyewe anasema inachelewa na wakati mwingine husimama usiku. Sumaku imeondolewa, springi imejaa, LIFT ANGLE ni 53. Uso juu, taimgrafa inasoma RATE −14, AMPLITUDE 198 na BEAT ERROR 1.4. Ufunguo chini, inasoma −52 na 161. Mistari inaonekana lakini ni minene na ina nukta zilizotoka nje.

Fundi anayetazama sekunde pekee ataona kazi ya dakika moja: sogeza wenzo kwa sekunde 14, funga, pokea malipo. Lakini 198 kwa springi iliyojaa inasema kwamba nguvu inapotea njiani kabla ya kuifikia balansi. Upungufu wa 37 kati ya kulala na kusimama uko ndani ya kawaida, kwa hiyo ncha za ekseli si mtuhumiwa wa kwanza. Mikao yote imeshuka kwa pamoja, jambo linaloelekeza kwenye mafuta yaliyokauka katika magurudumu, kwenye uma au ndani ya kasha la springi. Usiku saa ikiwa mezani na springi ikipungua, upana hushuka zaidi mpaka balansi inashindwa kuufungua uma, na hiyo ndiyo sababu ya kusimama.

Mashine inafunguliwa yote, inaoshwa, inakaushwa na kutiwa mafuta mapya, na bila nyenzo kuguswa inarudi kwenye taimgrafa. Uso juu sasa inasoma +22, 254 na 1.1. Mambo mawili yamebadilika yenyewe. Sekunde zimehama kutoka kuchelewa 14 hadi kuwahi 22, kwa sababu katika saa za aina hii balansi inayobembea kwa upana mdogo huelekea kuchelewa. Na kama zile sekunde 14 zingerekebishwa mwanzoni, saa sasa ingekuwa inawahi 36. Hitilafu ya mlio nayo imeshuka kutoka 1.4 hadi 1.1 kwa sababu tu balansi inapita katikati kwa kasi zaidi.

Wenzo wa mlio unasogezwa kwa vipande vidogo mpaka mistari inakaribia kugusana, 0.2. Sekunde zimeruka hadi +31, kama ilivyotarajiwa. Ndipo wenzo wa mwendo unaguswa, mpaka uso juu unasoma +8. Mikao mingine inafuata: uso chini +6 na 251, ufunguo chini −9 na 219, ufunguo juu +2 na 222, ufunguo kushoto −3 na 226. Wastani wa mikao yote mitano ni chini kidogo ya sekunde +1, na nafasi kati ya mkao wa haraka na wa polepole ni sekunde 17, ambayo kwa 7S26 inakubalika. Baada ya saa 24 mezani, uso juu inasoma +2 na 218. Saa hii inaweza kufungwa. Mvaaji akisema baada ya wiki kwamba inachelewa kidogo mkononi mwake, wenzo wa mwendo utasogezwa kwa sekunde chache, na mara hii kazi hiyo itadumu.

Majibu yasipoeleweka

*Saa inawahi dakika kadhaa kwa siku, na mistari inapanda kama ngazi.* Mizunguko ya springi ya nywele imegusana na kushikana, hivyo springi inafanya kazi kama fupi. Rudia kuondoa sumaku. Kama haibadiliki, tazama springi kwa lenzi. Tone dogo la mafuta huishika mizunguko kwa namna hiyohiyo, na dawa yake ni kuiosha balansi pamoja na springi yake.

*Nukta zimetawanyika ingawa saa imeshikwa vizuri.* Geuza saa mikao yote. Zikitulia katika mkao mmoja tu, kuna kitu kinagusa kitu, mara nyingi rota iliyolegea au springi ya nywele inayosugua daraja. Zisipotulia popote, meno ya gurudumu linaloshikwa na uma, au mawe ya uma, yana uchafu.

*Mistari ina mawimbi yanayojirudia.* Pima muda wa wimbi moja kwa sekunde. Gurudumu la uma lenye meno 15 hukamilisha mzunguko kwa mapigo 30, ambayo katika mashine ya 21600 ni sekunde 5. Wimbi likijirudia kila sekunde 5, gurudumu hilo halijakaa katikati au lina jino baya. Wimbi refu zaidi hutoka kwenye gurudumu lililo nyuma yake katika msururu.

*Upana unazidi 320 na sekunde zinaruka kwa mamia.* Jiwe la balansi linazunguka kupita kiasi mpaka linagonga mgongo wa uma. Hutokea baada ya kuweka springi kuu mpya yenye nguvu kuliko ile ya asili. Hakikisha kwanza LIFT ANGLE ni sahihi, kisha badilisha springi. Usijaribu kupunguza upana kwa kuacha sehemu bila mafuta.

*Upana unaosomeka haulingani na jinsi balansi inavyoonekana.* Usibishane na skrini. Ipime balansi kwa macho. Tia nukta ndogo ya wino unaofutika ukingoni mwa balansi iliyosimama, kisha irekodi ikitembea kwa kamera ya simu katika mwendo wa polepole. Tazama mahali nukta inapogeukia kila upande. Ikiwa inageukia mahali pamoja kwa pande zote mbili, mkabala na pale inapopumzikia, upana ni nyuzi 180. Ikiwa sehemu mbili za kugeukia zinatazamana, moja kushoto na nyingine kulia kwa mstari mnyoofu unaopita katikati ya balansi, upana ni 270. Taimgrafa ikisoma mbali na hapo, badilisha LIFT ANGLE mpaka ikubaliane na unachokiona, na uandike tarakimu hiyo pamoja na namba ya mashine kwenye karatasi yako.